Breka haikioni kiungo kibovu

Kila ninapoitwa mahali ambapo plagi ya paneli imeungua, swali la kwanza huwa lilelile: mbona breka haikuanguka? Mwenye nyumba amelipia breka ya DC, amelipia fyuzi, amelipia kifaa cha kuzuia radi, na bado plastiki imeyeyuka juu ya bati na waya umekuwa mweusi. Anahisi ameuziwa vifaa feki. Mara nyingi vifaa vyake ni vizima kabisa. Havikuanguka kwa sababu havikuwa na cha kuona.

Breka na fyuzi zinaangalia kitu kimoja tu, nacho ni wingi wa mkondo. Mkondo ukizidi kiwango, zinakata. Kiungo kibovu hakizidishi mkondo. Kimekaa katikati ya njia yake, kwa hiyo kama kuna linalobadilika, mkondo unapungua. Na paneli nayo si kama umeme wa gridi. Paneli ya wati 550 ikiwa kazini kwenye jua kali inatoa takriban ampia 13. Ukizigusanisha waya zake mbili moja kwa moja, inatoa takriban 14. Basi hata hitilafu kubwa kwenye mnyororo mmoja wa paneli inaweza kupita bila fyuzi kushtuka, sembuse hitilafu ndogo iliyojificha ndani ya plagi.

Tuchukue mnyororo wa paneli nane za aina hiyo, zilizounganishwa moja nyuma ya nyingine. Zikiwa kazini zinatoa kama volti 330, na ampia 13 zilezile zinapita kwenye kila paneli na kila kiungo. Joto linalozaliwa kwenye kiungo linafuata kanuni hii:

```
P = I² × R
```

Plagi nzuri ya MC4, ile ya kuunganishia waya za paneli, iliyobanwa sawasawa ina ukinzani chini ya nusu ya miliomu. Weka miliomu 0.35, zidisha kwa 13 mara 13, unapata wati 0.06. Hilo si joto la kuzungumzia. Sasa chukua kiungo kilicholegea ambacho ukinzani wake umepanda hadi omu 0.1. Kwa mita ya kawaida ya fundi, omu 0.1 ni kama hakuna kitu, maana nyaya za mita zenyewe zinaweza kuwa na zaidi ya hapo. Lakini 13 mara 13 mara 0.1 ni wati 17. Ukipanda hadi omu 0.3, ni wati 50. Chuma cha fundi redio cha kuchomea risasi kina wati kati ya 30 na 60, na kinayeyusha risasi bila shida. Plagi ya paneli imefungiwa joto la namna hiyo ndani ya plastiki, tena juu ya mabati saa saba mchana.

Inveta nayo haitalalamika. Kwenye kiungo cha omu 0.1, volti inayopotea ni 1.3 kati ya 330. Wingu jembamba likipita linabadilisha zaidi ya hapo. Kwenye kiungo cha omu 0.3, ambacho tayari kinapika plastiki, zinapotea volti 4 tu. Kwenye skrini kila kitu ni kizuri, uzalishaji ni mzuri, mteja ana furaha. Ndiyo maana naichukulia kazi ya kubana pini ya plagi kwenye waya kuwa nzito kuliko kazi nyingine zote za juu ya paa. Kosa la mahali pengine mara nyingi lina kifaa cha kulikamata. Kosa la kwenye pini halina.

Kubana pini vizuri si kuifinya tu ili waya usichomoke. Shaba ikikaa hewani inajivika utando mwembamba wa oksidi, na utando huo haupitishi umeme vizuri. Koleo sahihi linapobana, linaikandamiza shaba ya waya na metali ya pini kwa nguvu kubwa kiasi kwamba zote mbili zinabadilika umbo. Nyuzi zilizokuwa za mviringo zinabanana hadi nafasi za hewa kati yake zinaisha. Zikisuguana hivyo utando wa oksidi unavunjika, na metali safi inakutana na metali safi. Ukikikata kiungo kama hicho katikati na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, huoni nyuzi moja moja. Unaona kama kipande kimoja cha shaba chenye mistari. Hewa haiingii, unyevu hauingii, na kwa hiyo oksidi mpya haipati nafasi.

Ukibana kwa playa ya kawaida, pini inalala bapa na nyuzi zinashikwa pande mbili tu. Ukivuta kidogo waya hautoki, na ukipima umeme unapita. Lakini kati ya nyuzi na nyuzi kuna hewa. Siku ya kwanza kiungo hicho kinafanya kazi karibu sawa na kizuri, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kisha kila siku jua linapanda, mkondo unapanda, pini inapata joto na kutanuka. Jioni inapoa na kunywea. Kila mzunguko unalegeza mbano kidogo na kuivuta hewa ndani. Oksidi inakua kwenye nyuzi, ukinzani unapanda, joto la kesho linazidi la leo. Joto hilo linasafiri hadi kwenye upande wa pili, kwenye soketi, ambako kuna springi ndogo ya metali inayoikumbatia pini. Metali ya springi ikipashwa mno inapoteza mnyumbuko wake na haikumbatii tena. Sasa kuna viungo viwili vibovu badala ya kimoja. Inaweza kuchukua miezi au miaka, lakini inaelekea upande mmoja tu.

Mwisho wake ni cheche. Plastiki inalainika, pini inasogea, unatokea mwanya mdogo, na umeme wa DC unaruka mwanya huo. Umeme wa gridi unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche yake inapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli hauna sifuri. Cheche ikishawaka kwenye mnyororo wa volti mia tatu inaendelea kuwaka mpaka mwanya uwe mpana mno, mkondo ukatwe au jua lizame.

Kuna mradi wa pampu ya maji, upande wa Manyoni, ulionionyesha haya yote kwa mpangilio. Paneli nane za wati 550, kisanduku cha kuendeshea pampu, kisima. Asubuhi maji yanatoka vizuri. Kwenye saa sita hivi, jua likiwa kali na watu wamepanga ndoo, pampu inazima. Baada ya muda inawaka yenyewe, inavuta kidogo, inazima tena. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa ameshakata shauri. "Fundi, pampu imechoka, tunachangisha ya kununua nyingine." Nilimwomba asubiri kwanza, kwa sababu pampu iliyochoka haina kawaida ya kuchoka saa sita tu.

Fundi mwingine alikuwa amepima volti kwenye kisanduku pampu ikiwa imezimwa, akakuta kama 370, akaandika kwamba paneli ni nzima. Kipimo chake kilikuwa sahihi, lakini hakikumwambia kitu. Bila mzigo hakuna mkondo, na bila mkondo kiungo kibovu hakipotezi volti yoyote. Unaweza kuwa na pini inayoshikilia kwa uzi mmoja na mita ikakuonyesha volti zote.

Kwa hiyo tulisubiri jua lipande, pampu ikiwa inafanya kazi, nikapita chini ya paneli na kipimajoto kile cha kuelekeza kama bastola. Uzuri wa mnyororo ni kwamba mkondo ni mmoja kotekote. Hakuna kiungo kinachobeba mzigo mkubwa kuliko mwenzake. Basi kama vyote viko kivulini chini ya paneli, vyote vinapaswa kuwa na joto linalokaribiana, na kinachojitenga na wenzake ndicho kina ukinzani. Viungo kati ya paneli na paneli vilikuwa kwenye nyuzijoto 48 hadi 52. Cha mwisho, pale waya wa kwenda kwenye kisanduku unapoanzia, kilisoma nyuzijoto 91 kwa nje ya plastiki. Ndani ni zaidi ya hapo, maana plastiki ni kizuizi cha joto.

Tulizima, tukathibitisha hakuna mkondo, tukafungua. Waya uliotumika haukuwa wa sola. Ulikuwa waya wa nyumba, ule wenye nyuzi saba nene na ngumu. Pini za MC4 zimetengenezwa kwa waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba. Kwa waya wa milimita za mraba 4 nyuzi hizo ni zaidi ya hamsini, nazo kwa kawaida zimepakwa bati kuzuia oksidi. Nyuzi saba ngumu hazijazi pini, na zikishabanwa zinataka kurudi zilivyokuwa. Pini yenyewe ilikuwa imelazwa kwa playa ya kawaida. Shaba ilikuwa imegeuka kahawia iliyokolea, pini rangi ya buluu nyeusi, na ganda la waya limekuwa gumu likivunjika kama gamba la yai karibu urefu wa kidole kutoka kwenye kiungo. Waya wa nyumba pia ni mwembamba kwa nje kuliko wa sola, kwa hiyo mpira wa ndani ya plagi haukuukumbatia, na vumbi na unyevu vilikuwa vimeingia kwa nyuma.

Tabia ya pampu ikaeleweka. Jua la saa sita linaleta mkondo wa juu, kiungo kinapashwa hadi kinaachia, pampu inazima. Kikipoa kinagusana tena. Asubuhi mkondo ni mdogo na joto halitoshi kukiachisha.

Watu wengi wangebadilisha nusu moja tu ya plagi. Mimi nilikata zote mbili, hata ile ya kiwandani iliyokuja na paneli, kwa sababu soketi yake ilikuwa imepikwa na springi yake imekufa. Ukiweka pini mpya kwenye soketi iliyokufa, umeanzisha upya safari ileile. Kukata plagi ya kiwandani kunaweza kugusa dhamana ya paneli, na nilimweleza mwenyekiti hivyo kabla ya kukata. Tukavuta waya wa sola mpya hadi kwenye kisanduku, na kwenye waya wa paneli nikarudi nyuma hadi shaba iliyong'aa. Shaba iliyopoteza rangi haifai kubanwa hata ukiikwangua kwa kisu.

Sasa kubana kwenyewe. Kata ncha ya waya wima, isiwe mshazari. Menya ganda kwa kimenyio chenye matundu ya vipimo, usitumie wembe wala meno, kwa sababu wembe ukikata nyuzi tano hazitarudi na pini itabaki na nafasi tupu. Urefu wa kumenya ni kama milimita 7. Kipimo cha uhakika ni pini yenyewe. Shaba ijaze sehemu yote ya kubania, ichungulie kidogo tu kwa mbele, na ganda la waya liishie pale sehemu ya kubania inapoanzia. Ganda likiingia ndani ya mbano, unabana plastiki badala ya shaba, na plastiki italainika siku ya joto. Nyuzi zikae zilivyo, bila kuzisokota sana.

Koleo liwe la kukrimpu MC4, lenye meno yanayojifunga, na uchague tundu lililoandikwa kipimo cha waya wako: 2.5, 4 au 6. Tundu kubwa linaacha hewa. Tundu dogo linakata nyuzi na kuipasua pini. Pini za bei nafuu nyingi zina mabawa mawili wazi yenye umbo la U. Mabawa yaelekee upande wa taya wenye mikunjo miwili, ili yajikunje na kuzama katikati ya nyuzi. Sehemu ya mbele ya pini, ile inayoingia kwenye soketi, ibaki nje kabisa ya taya. Kisha bana mpaka koleo lijifungue lenyewe. Hilo ndilo jambo kubwa kuhusu koleo la aina hii: halikuachii katikati ya kazi, halijali mkono wako umechoka au la. Koleo linalofunguka wakati wowote unapolegeza mkono halikupi uhakika huo.

Ukimaliza, tazama kabla hujaingiza kwenye plastiki, maana baada ya hapo hutaona tena. Mabawa yawe yamekutana katikati na kuzama ndani ya nyuzi, uzi wowote usiwe nje, pini iwe imenyooka. Halafu vuta. Kiwango cha kimataifa cha viungo vya kubana kinataka waya wa milimita 4 za mraba ustahimili nyutoni 310, yaani kama uzito wa kilo 31. Huna mashine ya kupimia juu ya paa, lakini ukivuta kwa nguvu zako za kweli na waya ukasogea hata kidogo, kata uanze upya. Mimi hubana vipande vya majaribio asubuhi kabla ya kupanda, nikaning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye kila kimoja. Ndoo haifiki kilo 31, lakini koleo lililoharibika linajulikana hapo.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Pini isukumwe ndani ya ganda la plastiki mpaka ilie "tik", kisha uivute nyuma taratibu kuhakikisha haitoki. Isipofika mwisho, siku ya kuunganisha plagi mbili pini inarudishwa nyuma na mwenzake, na zinagusana kwa ncha tu. Kwa nje plagi zimefungana vizuri, zimelia, hata mkaguzi hawezi kujua. Njia ya kutambua ni kuchungulia usoni mwa plagi yako na kuilinganisha na ile ya kiwandani yenye umbo hilohilo: pini zote mbili ziwe kina kimoja. Pia angalia hujakosea makazi. Kwenye MC4 pini ya kiume inakaa ndani ya ganda la mviringo lililo wazi, na soketi inakaa kwenye lile lenye vidole viwili. Mwisho kaza nati ya nyuma kwa spana zake mbili mpaka mpira uukumbatie waya. Kwa vidole haitoshi.

Tatizo la kuchanganya watengenezaji ni gumu zaidi, kwa sababu madukani kila plagi inaitwa MC4 na zote zinaingiliana. MC4 ya asili ni ya kampuni ya Multi-Contact, ambayo sasa ni sehemu ya Stäubli, na namba 4 ni kipenyo cha pini kwa milimita. Wengine wote wanatengeneza zinazofanana, na kufanana huko hakudhibitiwi na mtu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62852 kinapima plagi na mwenzake wa mtengenezaji huyohuyo. Nguvu ya springi, upako wa metali, kina cha pini, vyote vinaweza kutofautiana kwa kiasi ambacho jicho halioni na joto linaona.

Kwa bahati, kwenye mnyororo sehemu zenye hatari hiyo ni chache. Paneli kwa paneli ni kiwanda kwa kiwanda. Mkono wako unakutana na kiwanda mwanzo na mwisho wa mnyororo, na tena kwenye inveta. Inveta nyingi zinakuja na plagi zake ndani ya boksi. Tumia hizo, usiziache kwenye boksi ukanunua nyingine. Kwa upande wa paneli, soma jina lililochapwa kwenye plagi yake, au kwenye karatasi ya maelezo ya paneli hiyo, utafute hilohilo dukani. Linaweza kuwa ghali na lisipatikane kila duka, lakini kwa mnyororo mmoja unahitaji jozi moja tu.

Wapo wanaouliza kama si bora kuichomea risasi pini baada ya kuibana. Sikubaliani nao. Risasi inapanda ndani ya nyuzi kwa nyuma na kuugeuza waya laini kuwa kijiti kigumu, na pale ugumu unapoishia ndipo upepo unapoukunja waya kila siku mpaka ukatike. Kwenye pini iliyobanwa vibaya inaficha ubovu kwa muda, tena inayeyuka katika joto lilelile tunalolihofia. Pini iliyobanwa vizuri haina inachohitaji kutoka kwa risasi.

Ukaguzi ufanywe jua likiwa kali na mzigo ukiwa mkubwa. Betri zikiwa zimejaa, kontrola inapunguza mkondo na viungo vyote vinaonekana baridi, hata kibovu. Washa pampu, pasi, chochote kinachokula umeme, subiri kama nusu saa, ndipo upime. Tofauti ya nyuzijoto chache si kitu, hasa kama kimoja kimeguswa na jua. Kiungo kinachowazidi wenzake kwa nyuzijoto kumi au zaidi mimi nakifungua.

Usikifungue mkondo ukiwa unapita. Zima inveta, zima swichi ya DC, kisha thibitisha kwa klampu mita kwamba mkondo ni sifuri kabla hujabonyeza vidole vya plagi. Na hapo kuna mtego: klampu mita nyingi za bei nafuu zinapima mkondo wa AC tu. Ukizungushia waya wa paneli wenye ampia 13 zinasoma sifuri, na zitasoma sifuri siku zote. Tafuta yenye alama ya ampia za DC, na kabla ya kuzima chochote izungushie waya wa paneli uone kama inasoma mkondo. Ikisoma 13 mfumo ukiwa kazini, sifuri yake baada ya kuzima unaweza kuiamini.